Ng'ombe Ametangazwa, Chokaa Haijanunuliwa: Mjadala wa Bajeti ya Kombe la Kata

Mashindano ya mpira ya mitaani hapa Tanga yanapovunjika katikati, watu hulaumu mvua, au mashabiki, au mwamuzi aliyetoa penalti ya dakika ya mwisho. Walakini mtu akiomba kuonyeshwa daftari la mapato na matumizi, kama lipo, aghalabu ataona kwamba mashindano yale yalikwisha kuvunjika kabla ya mpira wa kwanza kupigwa, kwa sababu hesabu yake iliandikwa kinyume: zawadi ilitangulia kutangazwa, na uwanja, waamuzi na ulinzi vikaachiwa kile kitakachosalia. Mjadala huu ni wa kikao cha maandalizi ya kombe la kata moja ya pande za Ngamiani, kilichokaa baada ya sala ya Alasiri katika baraza ya shule ambayo kiwanja chake ndicho kitakachochezewa. Wasemaji nimewataja kwa kazi zao tu. Mwenyekiti wa kamati ni mfanyabiashara wa mbao, mtu mkarimu na mwepesi wa kuahidi. Mweka hazina ni mama aliyestaafu uhasibu wa chama cha ushirika. Mwamuzi ni mzee aliyepuliza filimbi tangu siku ambazo Coastal Union ilikuwa haijatwaa ubingwa wake wa taifa wa mwaka 1988. Kapteni ni kijana wa timu mojawapo, aliyetumwa na makapteni wenziwe. Maalim ni mwalimu wa chuo cha Kurani cha mtaa. Na mama lishe alikuja kwa sababu alisikia kwamba habari za vibanda zitazungumzwa.

Mwenyekiti: Bismillahi. Ndugu zangu, habari njema zimekwisha tangulia. Timu 16 zimejiandikisha, kila moja itatoa ada ya shilingi 100,000, na juzi kwa kipaza sauti nilitangaza kwamba bingwa atapata ng'ombe dume pamoja na shilingi 1,000,000 taslimu, na wa pili 500,000. Mfadhili wetu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, amekubali kutoa 2,000,000. Tuna 3,600,000 mkononi. Yaliyobaki ni kugawa timu katika makundi manne, kila timu icheze na wenziwe watatu, watu waburudike mwezi mzima.

Mweka hazina: Mkononi, mwenyekiti, ninazo 340,000, ambazo ni ada za timu tatu zilizolipa kamili na ya nne iliyotoa 40,000. Hizo nyingine ziko katika ndimi za watu. Lakini tuliache hilo kwanza, nikuulize jambo moja: katika makundi hayo manne, zitachezwa mechi ngapi?

Mwenyekiti: Nyingi, na ndiyo raha yake.

Mweka hazina: Kundi la timu nne lina mechi sita, makundi manne yana 24. Ongeza robo fainali nne, nusu fainali mbili, mshindi wa tatu na fainali: mechi 32. Kila mechi inahitaji mwamuzi wa kati kwa 20,000, vibendera wawili kwa 15,000 kila mmoja, na mwamuzi wa akiba kwa 10,000, jumla 60,000. Zidisha mara 32 upate 1,920,000. Ada za timu zote, zikilipwa zote bila ya kupungua senti, ni 1,600,000. Maana yake waamuzi peke yao watakuwa wameimaliza ada nzima na bado wanatudai 320,000, ilhali hatujanunua mfuko mmoja wa chokaa, wala hatujamlipa mlinzi mmoja, na ng'ombe wako bado yuko mnadani.

Hapo palikuwa na kimya, na naona ni haki msomaji apumzike juu ya hesabu hiyo kama wao walivyopumzika, kwa maana ndiyo mzizi wa mambo yote. Ada ya timu ni moja, hailipwi kwa mechi; lakini mwamuzi, mlinzi, maji na dawa hulipwa kila siku mpira unapochezwa. Kwa hivyo kamati inayochagua mfumo wa mashindano kwa kupenda burudani imekwisha chagua pia gharama zake, hata kama haikutaja shilingi hata moja. Timu zile zile 16 zikicheza kwa mtoano, aliyefungwa akaaga, mechi ni 16 tu pamoja na ya mshindi wa tatu, na malipo ya waamuzi yanashuka hadi 960,000.

Kapteni: Shikamooni wazee wangu. Naomba niseme la kwetu wachezaji. Huo mtoano sisi hatuutaki. Timu nane zitatoa laki moja kila moja, zitacheza mechi moja, kisha basi. Sisi vijana tunachangishana elfu tano tano, kuna anayeendesha bodaboda, kuna anayebeba mizigo pale stendi. Utamwambiaje mtu kwamba elfu tano yake imekwisha ndani ya jioni moja? Na sisi mwaka jana, katika kombe la kata nyingine, tulishinda tukapewa dume la ng'ombe, wazee wangu, na yule dume alitutia fitina mpaka leo. Tulimpokea magharibi, hatuna zizi wala kamba ya maana, wachezaji 20 kila mmoja anataka fungu lake. Mchinjaji alikuja usiku ule ule akatupa bei anayoitaka yeye, kwa kuwa alijua hatuna pa kumlaza. Wawili hatusemeshani nao tena.

Mwenyekiti: Mwanangu, hilo la dume ni lenu, si la bajeti.

Mweka hazina: Ni la bajeti, mwenyekiti. Dume unayemnunua kwa 900,000 akauzwa usiku kwa nusu ya bei, kamati imetoa 900,000 na timu imepokea chini ya 500,000. Hiyo tofauti imekwenda kwa mchinjaji ambaye hakucheza. Na ukimnunua mapema ili umwonyeshe watu, utamlipa mchungaji na mlinzi wa usiku kila siku hadi fainali.

Mwenyekiti hakukubali mara moja, nami sidhani alikuwa mkaidi bure. Alisema, na kauli yake ina ukweli ndani yake, kwamba watu hawaji uwanjani kutazama stakabadhi, wanakuja kumtazama dume aliyefungwa utepe shingoni akipitishwa mtaani kwa ngoma. Kwamba timu zilizojiandikisha 16 zilikuwa sita tu kabla ya tangazo. Na kwamba mfadhili mwenyewe alivutika kwa sababu ya sauti ile ya mtaani. Zawadi kubwa huleta timu, na timu huleta ada. Alichokosa kuona ni kwamba timu iliyokuja kwa ajili ya dume huja na mamluki waliokodishwa kutoka kata za mbali, na hapo kamati hulazimika kuketi juu ya malalamiko ya usajili kuliko juu ya mpira.

Mwamuzi mstaafu, aliyekuwa ametulia muda wote akiandika kitu nyuma ya bahasha, ndiye aliyeleta njia ya katikati. Alipendekeza mtoano wenye mechi ya pili kwa waliofungwa duru ya kwanza: timu nane zilizopoteza zikutanishwe wenyewe kwa wenyewe katika mechi nne, kila timu ipate kucheza angalau mara mbili. Mechi zinakuwa 20, waamuzi 1,200,000.

Kapteni: Na wale wanaoshinda katika hizo mechi nne, wanarudi kwenye kombe?

Mwamuzi: Hawarudi, mwanangu. Wakirudi itabidi wakutane na waliofuzu, na mechi zitaongezeka tena.

Kapteni: Basi hiyo ni mechi ya kirafiki iliyovishwa kanzu.

Mwamuzi: Ni mechi yenye mwamuzi, yenye kadi, na yenye uwanja uliochorwa. Mechi za kirafiki mnazocheza hazina hata moja katika hayo.

Jambo hili lilizungushwa kwa muda mrefu, na kapteni hakuridhika. Tukaingia katika habari za waamuzi wenyewe, ambapo mwenyekiti alitoa rai iliyopendwa na wengi kwa dakika chache: kwamba vibendera wawe vijana wa kata wanaojua mpira, wafanye kwa moyo wa kujitolea, kamati iokoe 30,000 kila mechi, yaani 600,000 katika mechi 20.

Mwamuzi: Kijana wa kata ana ndugu yake katika timu. Siku atakayoinua kibendera kwa haki atatukanwa nyumbani kwao, na siku atakayokosea kwa bahati mbaya wataapa kuwa kala rushwa. Mimi nasema tuandike barua kwa chama cha waamuzi cha wilaya, wao ndio wapange nani aje siku gani, kamati isijue jina la mwamuzi hadi siku yenyewe. Na malipo yake yawe kwa mweka hazina kabla ya duru kuanza, si baada ya mechi. Nimepuliza mechi ambazo kamati iliniambia nisubiri bakuli lizungushwe kwa watazamaji. Mtu unayesubiri fedha kutoka kwa watazamaji huku unajua ni timu gani ina watazamaji wengi, uko huru kiasi gani? Sikuwahi kuuza mechi, lakini niliiona njia inayompeleka mtu huko, na imejengwa na kamati, si na timu.

Mweka hazina: Nami naongeza kwamba mwamuzi wa akiba anaweza kuwa mwanafunzi wa uamuzi, ambaye chama kitamleta ajifunze. Huyo apewe nauli. Lakini katika bajeti nimwache na 10,000 yake. Nikiipunguza leo, siku atakapokuja mwenye cheti nitatoa wapi?

Maneno ya mwamuzi yalinigusa, nami nayaunga mkono kwa nguvu zangu zote: malipo ya waamuzi hayafai kutegemea kilichopatikana jioni ile. Dalili ya mashindano yatakayoharibika ni kamati inayomwambia mwamuzi, "Tutaonana baada ya mechi." Ukisikia hivyo duru ya kwanza, ujue kuwa robo fainali watakuja waamuzi wawili badala ya wanne, na nusu fainali atapuliza mtu aliyeokotwa jukwaani.

Kisha wakaja kwenye uwanja. Mwenyekiti alisema uwanja upo, shule imetoa bure kwa barua ya mkuu wa shule, na jambo la bure halina haja ya kutengewa fedha. Mwamuzi aliinuka akawaomba watoke naye, wakatoka, akawatembeza kutoka kona hadi kona. Kiwanja hicho kina urefu wa mita 100 na upana wa mita 64 ukipimwa, na kwa mujibu wa sheria za mchezo kinatosha, kwa kuwa urefu wa uwanja unaruhusiwa kuwa mita 90 hadi 120 na upana mita 45 hadi 90. Lakini mwaka jana kilichorwa kwa macho. Mwamuzi alipowaelekeza vijana wavute kamba kutoka kona hadi kona ya mkabala, mshazari mmoja ulikuwa mrefu kuliko wa pili kwa zaidi ya hatua mbili. Uwanja ulikuwa umelala ubavu, na mstari wa penalti wa upande mmoja ulikaribia lango kuliko wa upande wa pili.

Mwamuzi: Chukueni kamba ya mita 12, fungeni fundo penye mita tatu na penye mita saba, kisha unganisheni ncha zake. Mtu mmoja ashike penye ncha, wa pili penye fundo la kwanza, wa tatu penye la pili, wakaze. Pande zitakuwa tatu, nne na tano, na kona ya kati ya tatu na nne ni mraba kamili. Anzeni hivyo kila kona. Mkimaliza, vuteni mishazari. Uwanja huu ukiwa sawa, kila mmoja utakuwa karibu mita 118 na sentimita 70. Ikipishana, rudieni kabla hamjafungua mfuko wa chokaa.

Kapteni: Na hayo mawe, mzee? Upande huu mimi nilichanika goti.

Mawe yenyewe ni ya tumbawe, yanayochomoza kila mwaka baada ya masika kuuchukua ule mchanga wa juu, na hayang'olewi kwa mkono. Mwamuzi alisema yachimbwe kwa sururu hadi kina cha kiganja, mashimo yajazwe kifusi kilichochekechwa, yamwagiwe maji na kushindiliwa, kisha yaachwe wiki mbili. Shimo lililojazwa jana likachezewa leo hushuka katika mechi ya kwanza, likawa baya kuliko jiwe. Vibarua na kifusi akakadiria 220,000. Mistari yote ya uwanja huo, pamoja na duara la kati na masanduku ya penalti, ina urefu wa karibu mita 690, nayo itakula mifuko miwili ya chokaa ya kilo 25 mara ya kwanza, kisha mfuko mmoja kila baada ya mechi mbili, kwa sababu upepo wa Julai na nyayo za watu huifuta. Chokaa 100,000, nyavu mbili 120,000, kamba, vigingi na vibendera vya kona 60,000. Uwanja wa bure ukafikia 500,000.

Mama lishe: Hiyo chokaa mtainunua wapi? Maana mimi jirani yangu anachoma chokaa, anaweza kuwapa kwa bei ya chini sana.

Mwamuzi: Bibi, swali zuri. Tutaitaka ikiwa imezimwa. Chokaa iliyotoka tanurini bila ya kuzimwa, mchezaji akianguka juu yake na jasho lake, inamchoma ngozi, na ikiingia jichoni ni msiba. Kabla ya kununua, tia konzi moja katika kopo la maji. Kopo likipata moto, usiichukue.

Akawaonyesha pia milango ya goli. Milingoti yake ilikuwa ya chuma, imesimamishwa juu ya ardhi bila ya kufukiwa, na watoto wawili walikuwa wakining'inia juu ya mtambaa wa panya. Mwamuzi akawateremsha. Alisema milingoti ifukiwe au ifungwe kwa vigingi virefu nyuma kabla ya jambo lolote lingine, maana goli lisilofungwa huangukia mtoto siku ambayo hakuna mechi na hakuna mtu mzima karibu. Hilo halikuhitaji mjadala; mwenyekiti mwenyewe aliagiza mbao na misumari kutoka dukani kwake jioni ile.

Waliporejea barazani, maalim, aliyekuwa ameshika tasbihi kimya, aliomba ruhusa.

Maalim: Nina neno katika habari ya ada. Mkichukua fedha kwa timu 16, mkazirundika, kisha mshindi akapewa rundo hilo, basi kila mmoja ametoa dau kwa tamaa ya kula la mwenziwe, na hiyo ndiyo kamari iliyokatazwa, hata kama imevaa jezi. Zawadi ikitoka kwa mtu asiyeshindana, kama huyu mwenye duka, hapo jambo ni jepesi zaidi. Wanavyuoni wamekhitilafiana katika mashindano gani yafaa kutolewa zawadi, na hilo silikati mimi. Lakini la kulana madau ni zito.

Mwenyekiti: Maalim, nimepata kusikia kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii, akiwemo mshindani mmoja asiyetoa kitu, dau linahalalika. Basi tuingize timu moja bure.

Maalim: Umesikia, na lipo katika vitabu, katika habari za farasi na mishale, kwa masharti yake. Kulihamishia kwenye timu 16 za mpira kwa fatuwa ya barazani, mimi siwezi. Waulizeni wakubwa zangu.

Mweka hazina: Maalim, nisaidie hapa. Ada ikitumika kulipa chokaa na waamuzi, ambavyo kila timu inavitumia, ni dau?

Maalim: Hiyo ni gharama ya kitu mlichonunua kwa pamoja. Sioni ubaya wake, kwa sharti hesabu ziwe mbili na zisichanganyike.

Mwenyekiti alisema kwamba fedha zikiingia mfuko mmoja hazina alama, na kwamba kutenganisha ni kujisumbua. Mimi nilikuwa nikimtazama mweka hazina, ambaye miaka yote ya ushirika alikuwa akitafuta namna ya kuwaambia watu jambo lile lile kwa lugha ya uhasibu asisikilizwe. Sasa alikuwa amelisikia kwa lugha ya fikihi. Akachora kurasa mbili katika daftari. Katika ukurasa wa kwanza mapato ni ada ya timu na ushuru wa vibanda, na matumizi ni uwanja, waamuzi, ulinzi, mipira, dawa na maji. Katika ukurasa wa pili mapato ni ya mfadhili peke yake, na humo ndimo zawadi hutoka. Ukurasa wa kwanza ukipungua, wa pili unaruhusiwa kuusaidia. Wa kwanza ukizidi, ziada haihamii kwenye zawadi, hurejeshwa kwa timu au hubaki kuwa nyavu za mwakani. Kapteni alitaka irejeshwe kwa timu na maalim aliona ibaki kwa uwanja, na hawakuafikiana.

Mama lishe: Sasa nyinyi mnasema vibanda. Mnataka kutufukuza?

Mweka hazina: La, dada. Tunataka vibanda kumi, kila kimoja kitoe 1,000 kwa siku ya mechi.

Mama lishe: Ah! Mimi nilidhani mnataka kutuondoa kama walivyofanya sokoni, nikawa nimekuja na maneno yangu tayari. Elfu moja nitatoa. Ila siku ya mvua hakuna mtu, siku hiyo msinidai.

Ushuru wa vibanda kwa siku 20 ukaandikwa 200,000, na mweka hazina, kwa kumjali mama lishe, akaweka alama pembeni kwamba huenda usifike.

Katika ulinzi palitokea mvutano wa aina nyingine. Mwenyekiti alitaka vijana wanane wenye virungu kila siku kwa 5,000 kila mmoja. Mwamuzi alisema virungu vibaki nyumbani.

Mwamuzi: Mei 2001, katika uwanja wa Accra, mashabiki walivunja viti, askari wakarusha moshi wa machozi, watu wakakimbilia milango ikawa imefungwa, wakafa zaidi ya 120. Ghasia ndogo ilikuwa pale; kilichoua ni watu kukosa pa kupita. Hapa hatuna milango, lakini tuna ukuta wa shule upande mmoja na vibanda upande wa pili. Vibanda vyote vikae upande wa barabara, pabaki njia ya gari la wagonjwa, na kamba ivutwe mita tatu kutoka kwenye mstari, maana mtazamaji akisimama juu ya mstari kibendera hana pa kukimbilia. Duru ya kwanza hawazidi watu mia chache, wanne watatosha. Kuanzia nusu fainali wawe 12, na barua ya fainali iende polisi mapema.

Hesabu ya wanne kwa mechi 16 za mwanzo na 12 kwa mechi nne za mwisho ni 560,000, badala ya 800,000 kwa wanane kila siku. Ulinzi ukawa bora na wa bei nafuu kwa pamoja, jambo ambalo si la kila siku katika bajeti. Waliafikiana pia kwamba mechi zianze saa 10:15 jioni, zisiwe na muda wa nyongeza ila penalti moja kwa moja, kwa sababu dakika 30 za ziada baada ya saa 12 zinagongana na Magharibi, na umati unaoondoka gizani ni wa kulindwa kwa watu maradufu.

Mwisho mweka hazina akasoma. Waamuzi 1,200,000, ulinzi 560,000, uwanja 500,000, mipira, dawa na maji 240,000: jumla 2,500,000. Ada na ushuru 1,800,000. Pengo 700,000, ambalo litatoka kwa mfadhili, zikabaki 1,300,000 kwa zawadi na akiba. Akapendekeza bingwa 600,000, wa pili 350,000, wa tatu 150,000, na 200,000 zisiguswe hadi fainali iishe.

Mwenyekiti: Na ng'ombe wangu? Nimewaambia watu! Nitapita wapi mtaani?

Mweka hazina: Utapita na kipaza sauti kile kile, useme zawadi imebadilika kabla ya timu nyingi kulipa. Ukisema leo ni aibu ya siku moja. Ukisema siku ya fainali, timu zimekwisha toa fedha zao kwa ahadi isiyokuwepo.

Mwenyekiti alisema akipenda atamnunua dume kwa fedha zake mwenyewe. Maalim akasema hilo ni lake na Mungu amlipe. Kapteni akaomba kwamba, ikiwa hivyo, afadhali wapewe jezi. Mwenyekiti hakujibu.

La mwisho lilikuwa la ada, na hapa mweka hazina hakuwa tayari kushawishiwa. Alisema katika mtoano timu inayolipa nusu ikafungwa siku ya kwanza hairudi kumalizia nusu yake, wala hakuna wa kuifuata; timu nne tu zikifanya hivyo kamati imepoteza 200,000, ambayo ni akiba yote. Kwa hivyo jina haliingii katika droo bila ya stakabadhi ya malipo kamili, na katika ile 100,000, shilingi 20,000 zihesabiwe kuwa dhamana, ipotezwe na timu itakayokosa kufika uwanjani. Kapteni alitaka kujua kama dhamana itarudishwa kwa timu iliyofika mechi zake zote, na kama ikirudishwa, pengo litazibwa na nini, kwa kuwa 20,000 mara 16 ni 320,000. Mweka hazina aliangalia ukurasa wake wa kwanza kwa kitambo, akakiri kwamba kijana ameuona ufa ambao yeye hakuuona: ama ada iwe 120,000, na vijana wabebe mzigo zaidi, ama dhamana ifutwe. Makapteni watakwenda kuulizwa.

Kikao kilivunjwa kwa uamuzi kwamba droo iliyokuwa ifanyike Jumapili iahirishwe kwa wiki mbili, ambazo ndizo muda wa mashimo kukaa; kwamba mwenyekiti aende na mweka hazina kwa mfadhili kuomba fedha au hati yenye sahihi; na kwamba pasipopatikana hata moja katika hizo mbili, kombe lichezwe kwa mtoano wa mechi 16 na zawadi ya mipira na jezi. Swali la kapteni, kama waliofungwa duru ya kwanza wana njia ya kurudi kombeni, liliandikwa katika kumbukumbu bila ya jibu, kwa ombi lake mwenyewe.